Mpeni Maua Yake Huyu Anayelia Chini ya Meza

Siku hizi hapa Bongo mtu akifanya jema hupewa maua yake angali hai. Wasanii wameshapewa, makocha wameshapewa. Mimi yangu nayaleta Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, katika steshenari yangu ambayo ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Nayaweka chini ya meza, kati ya katoni la karatasi na ndoo ya kudekia, alipoketi UPS wangu. Aliajiriwa wakati wa ule mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023, ili umeme ukikatika ashikilie kompyuta mpaka nimalize kusevu. Kazi hiyo ilimshinda. Alilia tu. Nami ndicho ninachomsifia.

Mtaa huu una vipaza sauti vinavyorudia bei ileile tangu asubuhi, una wasukuma mikokoteni wanaodai njia, una jenereta zinazonguruma barazani. Kusikika hapa si kazi ya kila mtu. Yeye husikika mpaka ng'ambo ya barabara, tena kwa lugha iliyonyooka kuliko ya wengi wetu. Umeme ukikatika hulia pii moja, akanyamaza, akarudia. Maana yake, sasa mnakula akiba. Betri ikikaribia kuisha hulia harakaharaka kama mtoto anayekimbilia chooni. Akizidiwa na mzigo hutoa mlio mmoja mrefu usiokatika. Kampuni nyingine zina mpangilio wao wa milio, ila huyu wangu ndivyo anavyosema, na kwa miezi mitatu alisema vyote vitatu. Mimi nilimjibu kwa kuongeza sauti ya redio.

Siku ya siku ilikuwa Jumamosi. Mama mmoja alikuja na mkataba wa pango wa kurasa sita, ulioandikwa kwa mkono, wenye masharti mengi kuliko ya ndoa. Nikauchapa wote. Nikabonyeza kuchapisha, printa ikaanza kuunguruma, na papo hapo mtaa mzima ukazimika. UPS akapiga ule mlio mrefu, sekunde mbili hivi, kisha giza. Sikuwa nimesevu hata ukurasa mmoja. Mama yule akaniuliza kwa upole, "Sasa mwanangu, hilo boksi kazi yake nini?"

Nikamwita fundi. Kabla hajagusa bisibisi alipiga magoti akatazama mgongo wa UPS, akahesabu waya: kompyuta, kioo chake, ruta, feni, chaja mbili za simu na printa ya leza. Akacheka peke yake.

"Dada, umesoma hapa pameandikwa 650 ukadhani ni wati. Hizo ni VA, namba ya kuvutia macho. Wati halisi za huyu ni kama 360. Kompyuta yako na kioo havivuki 120. Lakini hii printa ina hita ya kukaangia wino kwenye karatasi. Ikiwaka inataka wati 800 na zaidi. Umembebesha mtoto gunia la watu wazima."

Basi miezi yote hiyo, kila nilipochapisha naye akapiga yowe, alikuwa anasoma hesabu sahihi. Niambieni ni mfanyakazi gani mwingine dukani anayepinga mzigo haramu kila unapowekwa, bila kuchoka na bila kuomba nyongeza?

Printa ikahamishiwa kwenye soketi ya ukutani, feni na chaja nazo zikafuata. Nikadhani tumemaliza. Fundi akaniambia nisevu kila kitu, kisha akachomoa UPS ukutani makusudi. Pii, pii, halafu harakaharaka, halafu kimya. Sekunde arobaini. Kwa mzigo ule mdogo betri nzima ingetupa kama robo saa. Maradhi yalikuwa mawili, na la kwanza lilikuwa limelificha la pili.

Akamfungua. Betri, ile ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7, ilikuwa imevimba mbavu mpaka ikagoma kutoka. Nilipoona mita inasoma 12.7 nikafurahi. Fundi akasema volti ya betri iliyopumzika ni kama afya ya mgonjwa aliyelala: humjui mpaka asimame. Akachukua balbu ya taa ya mbele ya gari, ya wati 55, akaiunga. Namba ikaporomoka hadi 9. Betri nzima isingeshuka chini ya 12 kwa balbu kama hiyo. Ndani, sahani za risasi zilikuwa zimeota ukoko mgumu kama wa chumvi, na umeme haukuwa na pa kupita kwa wingi.

Nani kamfanyia hivyo? Mimi, na joto. Betri hizi hupimwa maisha kwenye nyuzi 25, na hapo hufika miaka mitatu mpaka mitano. Kila nyuzi kumi zinapoongezeka, umri hukatika nusu. Chini ya meza yangu, nyuma ya katoni, bila upepo, Dar es Salaam hii, hakuna aliyewahi kuona nyuzi 25. Ongeza na zile siku za mgao nilipomtumia mpaka tone la mwisho. Ameugulia kazini, na kila siku alikuwa anatoa taarifa.

Kununua betri mpya nako kulikuwa na somo lake. Duka la kwanza lilikuwa nayo, bei nzuri, stika inang'aa. Fundi akaipima kwa mkono, akaguna, akaenda nayo kwa muuza mchele wa jirani na kuomba mizani. Kilo moja na robo. Risasi haina siri, alisema. Betri ya ukubwa huu yenye risasi ya kutosha huwa na kilo mbili na zaidi. Tukairudisha. Ya duka la tatu ilifika kilo mbili na gramu mia mbili, na kabla ya kulipa akaipima volti, maana betri iliyokaa rafuni mwaka mzima bila kuchajiwa huanza kuugua kabla hujaioa. Muuza mchele akataka kujua hiyo bidhaa tunauza shilingi ngapi kwa kilo.

Wakati wa kufunga skrubu fundi akaniuliza kama anikatie king'ora. Wateja wengi humwomba, kumbe, na ni kazi ya dakika mbili: unang'oa kikopo kimoja cheusi kwenye saketi, basi, amani. Jirani yangu, tunayetenganishwa na ukuta wa plaiwudi, alishang'olewa cha kwake tangu mwaka jana. UPS wake ni mpole kama picha. Hufa bila kuaga.

Nilikataa. Jana saa tisa umeme ulikatika tena. Wangu akaanza: pii, akapumzika, pii. Sikuwa na haraka, nilikuwa na robo saa yangu. Ila upande wa pili wa plaiwudi nilisikia kiti kinaanguka, na jirani yangu, yule aliyewahi kuniitia kikao kuhusu kelele, akimpigia ukelele kijana wake wa kuchapa: "Sevu! Sevu haraka, wa dada analia!"