Namba ya Afande Jela

Ukimwambia mtu wa katikati ya Kampala kwamba unaishi Luzira, atakuuliza swali moja kati ya mawili: uko kiwandani, au ulikuwa ndani? Kiwanda ni cha bia, kule Port Bell. Ndani ni ndani. Jirani yangu alikaa ndani karibu maisha yake yote ya kazi, ila kwa upande wa wenye funguo. Ni askari magereza mstaafu, Kiswahili chake ni kile cha gwaride, na mtaa mzima unamwita Afande.

Asubuhi moja tulikuwa barazani kwake simu yake ikalia. Namba ngeni. Akaiweka kwenye spika, kama wafanyavyo wazee, ili majirani nao wafaidi.

"Hapo ni Afande Jela?" Sauti ya binti, yenye haraka.

"Nani anauliza?"

"Wewe ni mdhamini wa mkopo wa shilingi 80,000. Umechelewa. Usipolipa leo utapelekwa jela."

Afande aliishusha simu, akaitazama kana kwamba inahitaji kukaguliwa, kisha akairudisha mdomoni. "Binti, jela ipi? Hapa kwetu ziko kadhaa. Kuna ya waliohukumiwa, kuna ya mahabusu, kuna ya akina mama. Nikusaidie kuchagua?"

Simu ikakatwa. Uchunguzi haukuchukua muda, kwa sababu duniani kuna mtu mmoja tu aliyemhifadhi mzee wetu kwa jina la "Afande Jela": fundi pikipiki wa Stage 6. Fundi alikuwa amekopa kupitia programu ya simu ambayo sitaitaja, marejesho yakachelewa, na kampuni ikaanza kuwapigia watu wote waliomo kwenye orodha ya majina ya simu yake. Mkwe wake alikuwa ameshapigiwa. Muuza rolex alikuwa ameshapigiwa, na tangu siku hiyo akaacha kumuuzia chapati ya mayai kwa mkopo, jambo lililomuuma fundi kuliko la mkwe.

"Afande, haki ya Mungu mimi sikutoa namba yako," fundi alijitetea. "Nilibonyeza `Allow` tu."

"Na kabla ya hapo ulisoma nini?"

"Kulikuwa na maandishi. Marefu."

Ndipo mimi nikaingizwa kwenye kesi. Mtaani kwetu anayeandika magazetini ndiye pia msomaji wa hati za viwanja, barua za shule na karatasi za dawa. Afande alinipa amri: niyatafute hayo maandishi, niyachape, nimweleze kwa Kiswahili, na nisizidishe nusu ukurasa. "Hati ya kifungo ni karatasi moja," alisema. "Ina jina, kosa, muda, na tarehe ya kutoka. Huyo mtu kaandika nini cha kujaza kurasa?"

Kijana wa duka la kuchapa alipoona mrundo unavyotoka aliniuliza kama nanunua kiwanja. Sera ya faragha ya programu ya mkopo wa shilingi 80,000 ilikuwa ndefu kuliko mkataba wa mkopo wenyewe, na yote kwa Kiingereza cha wanasheria. Kuisoma kuanzia juu hadi chini ni adhabu. Mwenye haraka aifungue kwenye simu na atafute maneno matatu tu: `share`, `retain` na `delete`. La kwanza litakuonyesha taarifa yako wanampa nani, la pili wanakaa nayo hadi lini, la tatu unaitoaje. Sehemu nyingine ni salamu na mapambo.

Tulianza na kugawa. Sera ilisema taarifa zinaweza kupewa "kampuni tanzu", "watoa huduma" na "washirika wengine kwa shughuli halali za biashara". Afande akauliza majina yao. Hakukuwa na hata moja. Hapo ndipo penye ujanja, maana "mtoa huduma" anaweza kuwa kampuni inayokodisha kompyuta za kuhifadhia taarifa, na anaweza pia kuwa yule binti aliyetaka kumpeleka Afande jela. Kampuni ya kudai madeni nayo ni mtoa huduma. Ukikuta makundi bila majina, jiulize ni nani mwenye hamu ya kukupigia simu, umweke kwenye kundi hilo, na mara nyingi hutakosea.

Uganda imeshawahi kuliona jambo hili hadharani. Mwanzoni mwa 2021, mamlaka ya teknolojia ya habari ya taifa, NITA-U, ilikamilisha uchunguzi juu ya SafeBoda, programu ya kuitia bodaboda, baada ya shirika la Unwanted Witness kulivalia njuga suala hilo. Ilibainika kwamba taarifa za abiria, yakiwemo majina, namba za simu na barua pepe, zilikuwa zikipelekwa kwa CleverTap, kampuni ya Marekani inayochambua mienendo ya watumiaji, na abiria hawakuelezwa hivyo ipasavyo. Mtu alikuwa anakwenda Ntinda kwa pikipiki, jina lake linakwenda Marekani bila kofia ngumu. Kupeleka taarifa kwa mchambuzi kunaweza kuwa halali kabisa. Kosa lilikuwa kumficha abiria ni nani anayezipokea.

Kwa Afande kulikuwa na tatizo kubwa zaidi. Fundi alikubali masharti kwa niaba yake mwenyewe. Afande hakubonyeza chochote. Sheria ya Uganda ya ulinzi wa taarifa binafsi na faragha, ya 2019, inataka taarifa za mtu zichukuliwe kwake mwenyewe, isipokuwa katika hali chache ilizozitaja, na sioni kuwemo kwenye simu ya fundi pikipiki kukiwa mojawapo. Udhamini nao ulikuwa wa hewani. Mdhamini huulizwa kwanza. Huyu aliokotwa kwenye orodha, kati ya "Abiria Mbishi" na "Afisa Kodi USIPOKEE".

(Google wenyewe walizipiga marufuku programu za mikopo zilizoko dukani kwao kuchukua majina na picha za simu, kuanzia Mei 2023. Fundi aliipata yake kwa kiungo alichotumiwa, nje ya duka. Programu ya mkopo isiyopitia dukani, nayo inaomba kusoma majina yako, imeshakueleza tabia yake kabla hujafungua sera.)

Tukafika kwenye kutunza. Sera ilisema taarifa zitahifadhiwa "kwa muda utakaohitajika kutimiza malengo yaliyotajwa, au kama sheria itakavyotaka". Nilimtafsiria Afande. Akaniomba nirudie. Nikarudia.

"Na tarehe ya kutoka?"

"Haipo."

"Hakuna mfungwa wa namna hiyo," alisema, na kwa mara ya kwanza niliona amekasirika kweli. "Hata aliyefungwa miaka mingi, siku anaingia tunamwandikia tarehe ya mapema kabisa anayoweza kutoka. Anaihesabu. Namba yangu imekosa nini?"

Sikuwa na jibu la kumtuliza, ila nilikuwa na la kisheria. Sheria hiyo ya 2019 hairuhusu taarifa kutunzwa kupita muda unaohitajika kwa kazi iliyofanya zichukuliwe, isipokuwa kuna sheria nyingine inayodai zitunzwe. Na ipo. Sheria ya 2013 ya kuzuia utakatishaji wa fedha inawataka wanaoshughulika na pesa kutunza kumbukumbu za miamala kwa miaka isiyopungua 10. Kwa hiyo mkopo wa fundi, tarehe aliyokopa na kiasi alicholipa vitakaa huko hata akinuna vipi. Lakini namba ya Afande si muamala. Hakukopa, hakulipa, hakupokea hata shilingi. Kampuni ikijificha nyuma ya sheria ya fedha ili kuendelea kumshikilia, inachanganya mafaili mawili makusudi.

Fundi, aliyekuwa akisikiliza kwa mbali, akasema kwake tatizo limekwisha kwa sababu ameshaifuta programu. Nilimhurumia. Kuifuta programu kwenye simu kunakupunguzia picha moja kwenye kioo. Akaunti iko palepale kwenye kompyuta za kampuni, na majina yote yaliyokwisha kuchukuliwa yako palepale, mkwe akiwemo. Kinachotakiwa ni ombi la kufuta akaunti na taarifa, na linaombwa kwa kampuni, tena kwa maandishi. Kumzuia mkopeshaji asiendelee kusoma majina mapya ni kazi nyingine: unaingia kwenye mipangilio ya simu na kuondoa ruhusa ya majina. Na deni halifutiki kwa njia yoyote kati ya hizo, jambo ambalo fundi alinitaka nilisome tena, polepole.

Nusu ukurasa wa Afande ulitoka hivi, na ninauweka hapa kama alivyouidhinisha:

"Wanachukua: jina lako, kitambulisho, miamala ya pesa za simu, na majina yote ya watu uliowahifadhi. Wanampa: kampuni dada, wadai madeni na wengine wasiotajwa; kampuni ikiuzwa, taarifa zako zinauzwa nayo. Wanatunza: hawasemi hadi lini; kumbukumbu za mkopo tegemea miaka 10 au zaidi. Kufuta: andika kwa barua pepe iliyo mwisho wa ukurasa wa mwisho. Deni halifutwi. Asiyekopa ana haki ya kuandika pia."

Sentensi ya mwisho aliipigia mstari, kisha akaandika. Sheria inampa mtu haki ya kuitaka kampuni, kwa maandishi, iache kutumia taarifa zake kwa namna inayomsumbua, na kampuni ina siku 14 za kumjibu kama imetii au kwa nini haijatii. Anaweza pia kudai zifutwe zile zilizopatikana kinyume cha sheria. Ikikaa kimya, malalamiko yanakwenda kwenye ofisi ya taifa ya ulinzi wa taarifa binafsi, ambayo iko chini ya NITA-U. Afande aliyaweka yote hayo kwenye barua ya aya tatu, akaweka cheo chake cha zamani chini ya sahihi, nikaipiga picha na kuituma.

Jibu lilikuja ndani ya muda, nalo lilianza na "Mpendwa Afande Jela". Walisikitika kwa usumbufu. Walikuwa tayari kuifuta namba yake mara moja. Ila kwanza, ili kuthibitisha kwamba ni yeye, awatumie nakala ya kitambulisho cha taifa pande zote mbili, picha ya uso wake, na anwani ya nyumbani.

Afande alivua miwani. Nilimweleza kwamba kampuni inaruhusiwa kuhakikisha haimfutii mtu mwingine, lakini uthibitisho unapaswa kulingana na kile walicho nacho. Wao walikuwa na namba na jina la utani. Kuomba sura na kitambulisho ili kufuta namba ni kujaza faili lililotakiwa kuwa tupu.

Alichukua kalamu, na safari hii hakuhitaji aya tatu. "Namba yangu mnayo," aliandika. "Nipigieni mara moja, ya mwisho. Nitapokea na kusema ni mimi."

Nilimkumbusha aweke tarehe.