Bakuli la Afya na Vijiko Vyangu Vitatu

Tangu binti wa dada yangu ahamie kwetu kwa ajili ya chuo, chai yangu imekuwa kesi. Ananiamkia vizuri, "Shikamoo, Mjomba," lakini kabla sijamaliza kusema marahaba macho yake yameshatua kwenye kopo la sukari. "Vitatu tena?" Vitatu, mwanangu. Kama jana.

Yeye chai hanywi. Anakula bakuli: mtindi chini, matunda, granola, asali juu, kisha picha, kisha ndiyo kula. Siku moja, ili asikose daladala, akaamua kuliandaa usiku. Akakatakata papai bivu, akalichanganya na mtindi, akamwaga granola juu, akafunika na kutia kwenye friji. Asubuhi akafunua, akaonja, akakunja uso. Mtindi ulikuwa umelegea, maji yamejitenga, ladha chungu, na granola imegeuka uji. Akalaumu umeme, eti ulikatika usiku. Umeme wa Dar es Salaam una dhambi zake nyingi, lakini hii si yake.

Mwenye dhambi ni papai. Lina kimeng'enya kiitwacho papaini, kile kile kinachofanya nyama ilainike ukiipaka papai bichi kabla ya kuichoma. Kazi yake ni kukata protini, na mtindi umeshikana kwa protini za maziwa. Ukiviacha pamoja usiku kucha, mtindi unalegea, na vipande vya protini vilivyokatwa ndivyo vinavyoleta ule uchungu. Nanasi ambalo halijapikwa hufanya vivyo hivyo. Embe na ndizi hazina ugomvi na mtindi. Kwa hiyo papai likatwe asubuhi na kuliwa hapo hapo. Granola nayo ni kitu kikavu, inanyonya maji popote inapoyaona, basi ikae juu ya matunda na iingie bakulini mlaji akiwa tayari ameshika kijiko. Asali inafuata, uzi mwembamba juu ya granola, maana ikigusa mtindi wa baridi inakuwa nzito, inazama kwa bonge moja, na mlaji asiyeionja huongeza nyingine.

Huyu wa kwetu alikuwa anaongeza. Hapo ndipo nilipovaa miwani na kuomba nisome makopo yake.

Mtindi ulikuwa wa ladha ya stroberi: sukari gramu 12 katika kila gramu 100. Yeye hula gramu 200, kwa hiyo 24. Nikampa haki yake, kwa sababu maziwa yana sukari yake ya asili, karibu gramu 4 au 5 katika kila 100, na hiyo haina kesi. Tukatoa 9, ikabaki 15. Pakiti ya granola ilikuwa na picha ya shamba mbele; nyuma, kwa herufi za kumchosha mzee, ilisema kipimo cha mlo ni gramu 30. Tulipoweka mkono wake wa kawaida kwenye mizani, ukatoa 60. Robo ya granola ile ni sukari, basi 15 nyingine. Kwenye orodha ya viungo, ambayo hupangwa kwa uzito kuanzia kilicho kingi, oti ilikuwa ya kwanza, ikifuatiwa na sukari, sharubati ya glukosi na asali. Ndugu watatu wa ukoo mmoja, kila mmoja kajiandikisha kivyake ili asionekane mkubwa.

Halafu asali yake ya juu, vijiko viwili vya chakula. Kila kimoja kina kama gramu 17 za sukari. Jumla ya bakuli: gramu 64.

Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba gramu 4. Nikachukua kisahani na kuanza kuchota sukari nyeupe mbele yake, kimoja kimoja, hadi 16. Akasema asali si sukari. Shirika la Afya Duniani huihesabu pamoja na sukari ya kopo, na kwa mtu mzima anayekula kalori 2,000 ushauri wake ni kutofikia gramu 50 kwa siku nzima. Matunda mazima hayamo katika hesabu hiyo, kwa hiyo embe lake nililiacha huru.

Siku hizi ananunua mtindi usiotiwa kitu, anauchuja kwa kitambaa safi uwe mzito, anapima granola gramu 30, na asali ni kijiko kimoja cha chai. Bakuli limeshuka hadi gramu 13 na kitu. Chai yangu ina 12, nami nikatangaza ushindi mezani.

Akauliza nakunywa vikombe vingapi. Viwili. Maandazi hayakupimwa, maana nilipinga.