Na Kisha, na Kisha

"Pampu ya kisima ilifunguliwa na kisha ikaonekana imeharibika na kisha fedha zikatolewa na kisha pampu mpya ikanunuliwa na kisha haijafika." Ndiyo ripoti ya kamati ya maji, eti. Dawa yake nyepesi: ng'oa kila "na kisha", weka nukta, halafu kitafutie kila kitenzi mtendaji wake.

"Fundi alifungua pampu. Alikuta mota imeungua. Mhasibu alitoa shilingi 900,000."

Sentensi ya nne ikagoma. Nani alinunua? "Ikanunuliwa" haikumhitaji mtu. "Alinunua" inamdai kwa jina. Katibu, aliyekuwa akiusifia mtindo huu mpya sentensi tatu nzima, ghafla ameona kuwa ripoti ya awali ilikuwa na Kiswahili kitamu zaidi, irudishwe ilivyokuwa.