Taa Inawaka, Deni Lipo

Taa za mama mkwe, huko kijijini Igunga, zilizimika Jumatano magharibi. Sola yake ni ya mkopo, Sh 1,000 kwa siku: unatuma pesa kwa simu, unaletewa namba za kufungulia, unazibonyeza kwenye boksi, linawasha kwa siku ulizolipia. Shemeji yangu aliye Dar es Salaam alituma Sh 7,000 usiku uleule, akampigia mama na kumsomea namba mojamoja. Mama akabonyeza. Taa nyekundu. Akarudia, nyekundu tena. Baada ya majaribio kadhaa boksi likagoma kupokea chochote kwa muda.

Nyumba ikawaka maneno badala ya taa. Shemeji akasema mama haoni vizuri. Mama akasema mwanawe anasoma kwa pupa. Aliyeutegua ugomvi ni mjukuu, alipomwomba baba yake mdogo asome ujumbe wote, si zile namba peke yake. Ujumbe ulitaja boksi ambalo namba yake inaishia na 6. Kibandiko cha boksi la mama kinaishia na 7. Lile la 6 ni la jirani, aliyechukua sola siku moja naye kwa wakala yuleyule.

Maboksi ya aina hii hayana laini ya simu, hayajui nani katuma nini. Kila moja limewekewa siri yake, na kompyuta ya kampuni hutunga namba kwa kutumia siri hiyo. Ndiyo maana namba hufungua boksi moja tu. Tena hutumika mara moja. Jirani alipozijaribu kwake, siku saba ziliingia, na hakuna wa kuzitoa tena. Mungu ambariki, alilipia Sh 7,000 kwenye namba ya mama asubuhi yake.

Taa zikawaka, kisha akaja wakala na daftari: mama ana deni la Sh 17,000. Mama aliumia sana. Deni gani, na taa hizi hapa?

Wote wawili walikuwa sahihi. Boksi huhesabu siku zilizobaki, kuanzia namba zinapoingizwa. Ofisi huhesabu tangu siku ya kufungiwa sola: siku 100 zimepita, ilitarajia Sh 100,000, imepokea Sh 83,000. Zile siku 17 alizochelewa kulipia, kidogo kidogo alipokaa gizani, kwao ni malimbikizo, na humtia mteja mwaminifu kwenye orodha ya wakorofi. Kwa mkataba wa mama hakuna faini. Siku zile zinasogeza mbele tu tarehe ya kumaliza. Wakala alipaswa kumweleza hivyo tangu mwanzo.

Unayemlipia mzazi kutoka mbali, mwombe akusomee namba iliyo kwenye kibandiko cha boksi kabla hujatuma, na utunze ujumbe wa muamala. Pesa ikipotea njia, ofisi itaanza kuitafuta kwa namba ya muamala huo.