Waraka kwa Mzee Mwenye Hoteli

Mzee wangu,

Nakuandikia kwa heshima ile ile niliyokupa miaka yote niliyopika kwako, hapa kwenye barabara ya Kericho kwenda Bomet. Kwanza nikupongeze kwa vigae vipya vya jikoni. Vinang'aa hata mtu akiinama anahesabu meno yake. Bahati mbaya ulivichagua dukani vikiwa vikavu, nasi tunavikanyaga vikiwa na maji, maziwa na mafuta.

Naomba tuanze na safari moja: ya sufuria ya chai ya alfajiri. Chai hupikwa kwenye jiko la kuni upande wa nyuma, lakini meza ya kuchujia iko karibu na dirisha la wahudumu. Kati ya jiko na meza kuna hatua tisa, karo la vyombo, na mlango wa uani ambao kila anayeingia huleta tope jekundu. Sufuria yenye lita 40 ina kilo 40 na ushee, kabla hujahesabu chuma chenyewe. Vijana wawili huibeba wakitembea kimbavumbavu, nyuso zikiwa kwenye mvuke, na hakuna anayeona miguu yake. Ukitafuta namna ya kumtegulia mtu mgongo, kumtelezesha na kumuunguza kwa pamoja, huwezi kuipanga vizuri zaidi.

Unakumbuka asubuhi ile kijana alipoteleza mbele ya karo. Ulisema alikuwa na haraka. Alikuwa nayo, ndiyo, kwa sababu kitambaa alichoshikia mkono wa sufuria kilikuwa kimelowa, na kitambaa kilicholowa hupitisha moto upesi. Chai ilimwagika ikaingia ndani ya gambuti, kwa kuwa alikuwa amechomeka suruali humo. Gambuti likawa sufuria ya pili, mguu ukaendelea kuiva ndani yake. Huku juu maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, kwa ajili ya mwinuko, lakini ngozi haijui habari za mwinuko. Mmoja akakimbilia dawa ya meno, mwingine yai. Kilichohitajika kilikuwa kuvua gambuti mara moja na kuuweka mguu chini ya bomba, maji baridi yakitiririka kwa dakika 20. Bomba lilikuwa hatua mbili tu kutoka alipoangukia.

Dawa ya safari hiyo, Mzee, ni kuifuta. Hamishia meza ya kuchujia kando ya jiko. Chai ichotwe kwa jagi la lita mbili, ichujwe palepale, iingie kwenye chupa za chai, na chupa ndizo zisafiri. Sufuria ibaki ilipo hadi iwe tupu. Na suruali ziwe juu ya gambuti, si ndani.

Sakafu nayo haishindwi kwa mopu. Mopu yetu ya mchana huchukua mafuta ya chini ya kikaangio na kuyagawa kwa haki jikoni kote. Mafuta yanataka maji ya moto na sabuni, yaachwe dakika chache, yasuguliwe kwa brashi ngumu, kisha maji yasukumwe kwa mpira hadi kwenye mtaro. Ukitaka kujua kama kazi imefanyika, pitisha kidole pakiwa pamekauka: kikiteleza, rudia. Ulinunua pia mkeka wa mpira wenye matundu, tukashangilia, kisha ukautandika mapokezi ili wageni wasichafue zulia.

Dada wa vyumbani nao wana safari yao. Vitanda umevibana kwenye kona ili chumba kionekane kikubwa. Kwa hiyo dada hupiga goti juu ya kitanda, hunyanyua godoro kwa mkono mmoja huku kiuno kimepinda, na kuchomeka blanketi zile nzito za baridi yetu kwa mkono wa pili. Mara moja si kitu. Vyumba 14 kila siku ni kitu. Nusu mita kati ya kitanda na ukuta ingemwezesha kuzunguka na kufanya kazi akiwa ameelekea godoro. Blanketi zilizolowa nazo zibebwe moja moja, si beseni zima kukimbizana na mvua ya alasiri.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka kamati ya usalama penye wafanyakazi 20 au zaidi. Sisi tulikuwa 23 siku ya kazi nyingi, na 19 siku ya mkaguzi. Sikulaumu, hesabu ni ngumu.

Nitapita Jumatatu saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla ya chai kushuka jikoni. Ukipata nafasi, njoo na viatu vyako vile vya ngozi. Shika mkono mmoja wa sufuria, mimi nitashika wa pili.