Tuko Wanane, Gari Linachukua Saba

Aliyebuni magari hakuwa na mama mkwe. Bajaji inachukua watatu, teksi wanne. Noah, mfalme wa barabara za migombani huku Kilimanjaro, inachukua abiria saba na dereva wake. Sisi ni wanane: mimi, mke wangu, mama yake, mdogo wangu wa kiume na watoto wanne. Tukijipanga kwenye chombo chochote, kuna mtu anabaki amesimama nje ameshika kikapu, na mtu huyo siku zote ni mimi.

Na safari yetu ni ya Desemba, Mbezi hadi Kiboriloni, wakati Wachaga wote wa Dar wanakumbuka nyumbani kwa wiki moja. Viti vya basi ni viwili kushoto na viwili kulia, hivyo kwa hesabu ya darasani wanane ni mistari miwili tu. Nenda kamwambie hivyo mkata tiketi wa tarehe 22. "Mzee, nina viwili mbele, viwili katikati, na vinne huko nyuma, ila havijakaa pamoja." Mke wangu alitaka tusubiri basi lenye nafasi. Nikamwambia basi hilo lipo, linaondoka Februari.

Ndipo tulipoacha kugawana viti, tukaanza kugawana watu. Tunatoka nyumbani tukiwa jozi nne, mkubwa mmoja na mdogo mmoja, na jozi haivunjwi mpaka tufike. Mama mkwe yuko na kijana wetu wa miaka 15: yeye anabeba mkoba, bibi anabeba mamlaka. Mke wangu ana binti wa miaka 11. Mdogo wangu, kwa kuwa hajaoa na ana miguu, kapewa mtundu wa miaka 7. Mimi nina wa mwisho, wa miaka 3, ambaye kwenye Noah napakata, na hapo ndipo wanane tunakuwa saba. Basi likitutawanya, linatawanya jozi, halitawanyi watoto. Teksi zikiwa mbili, jozi mbili huku, mbili kule, na mama mkwe yuko kule.

Kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis kina utaratibu wake, na wapiga debe wana wao. Usimwambie mtoto "tukipotezana tukutane kwenye basi", maana basi linasogezwa. Sisi tunakutana kwenye dirisha tulilokatia tiketi, kwa sababu dirisha halina matairi. Njiani, kwenye mgahawa wa Korogwe, mambo yanageuka: mabasi ya kampuni moja yanapanga foleni, rangi moja, maandishi mamoja, na muda wa kula ni mfupi kuliko foleni ya chooni. Hapo kila mmoja, hata wa miaka 7, lazima awe amekariri herufi tatu za mwisho za namba ya gari. Na sihesabu vichwa tena. Ukihesabu vichwa unaweza kupata wanane kamili, kumbe mmoja ni mtoto wa abiria wa Rombo aliyependa chipsi zetu. Siku hizi nauliza wakubwa watatu tu: "Wako yupo?"

Patashika yenyewe ni kushuka. Basi la kutoka Dar linapita Kiboriloni kabla ya kufika stendi ya Moshi, na konda anataka tushuke kama magunia: "Kiboriloni shukeni, tunachelewa!" Ukizubaa, nusu ya ukoo inakwenda mjini. Kwa hiyo tukifika Njiapanda ya Himo, watu wanaamshwa na viatu vinavaliwa. Mdogo wangu na mtundu wake wanashuka kwanza na kukimbilia buti, wakiwa na vipande vya mizigo mkononi. Mama mkwe na mkoba wanafuata, kisha mke wangu. Mimi nashuka mwisho, nikichungulia chini ya viti, huku konda akinitazama kama mwizi.

Nyumbani kwa wazazi wangu jozi zinavunjika, maana vyumba vya wageni ni viwili na mkwe hawezi kupangwa mlango unaotazamana na wa mama mkwe wake. Mama mkwe anapata chumba pamoja na wajukuu wa kike na wa mwisho; mke wangu anapata cha pili na shangazi zangu waliotangulia. Wanaume tunapewa godoro sebuleni, karibu na friji inayoguruma.

Nilidhani hesabu imekamilika. Juzi mama mkwe katangaza kwamba Januari anarudi Dar na mkungu wa ndizi, na kwamba mkungu hauwekwi kwenye buti, utaiva vibaya. Sasa anataka kujua mkungu utakuwa jozi na nani.