Fundi Bila Bisibisi

Bosi alitangaza kuwa seva zetu zinahamia klaudi, na kwamba sisi mafundi tufanye ule mtihani wa AWS wa wanaoanza, CLF-C02. Akatupa wiki nne. Kazi hazikupungua: mchana printa, kebo na bosi huyohuyo aliyesahau nywila, usiku masomo.

Wiki ya kwanza niliipa dhana za msingi, asilimia 24 ya mtihani: kwa nini mtu akodi seva badala ya kununua, na gharama hupungua wapi. Ilipita salama, ukiacha usiku ule umeme ulipokatika nikisoma kuhusu huduma zisizokatika.

Wiki ya pili ni ya usalama, asilimia 30, na hapo ndipo fundi huumbuka. Kiini chake ni mgawanyo wa majukumu: lipi la AWS, lipi la mteja. Swali linauliza, diski imekufa, nani abadilishe? Mkono unakwenda mfukoni kutafuta bisibisi. Rudisha mkono! Jengo, umeme, diski na nyaya ni vya AWS, daima.

Ugumu uko katikati. Ukikodi seva ya EC2, mfumo endeshi ni wako, hata viraka vyake vya usalama unaweka wewe. Ukichukua hifadhidata ya RDS, mfumo endeshi ulio chini yake unatunzwa na AWS, nawe hupewi hata mlango wa kuuingia. Lakini data, watumiaji na ruhusa zao hubaki juu yako kote kuwili. Nilichora safu mbili, EC2 na RDS, nikauliza kila kazi iko upande gani. Mama watoto aliiona karatasi ile, akaomba ya nyumbani kwetu ichorwe pia. Nikasema nina mtihani.

Wiki ya tatu ni huduma zenyewe, asilimia 34. Usikariri mipangilio, jua tu kila jina linafanya kazi gani.

Wiki ya nne niligawa kati ya malipo, asilimia 12, na mitihani ya majaribio: maswali 65 kwa dakika 90. Maswali 15 kati ya hayo hayahesabiwi, ila huambiwi ni yapi. Kufaulu ni alama 700 kati ya 1,000, na jibu la kosa halikupunguzii kitu, kwa hiyo usiache pengo.

Mtihani huweza kufanyiwa nyumbani, msimamizi akikutazama kwa kamera. Mtu akiingia chumbani, unaweza kusitishwa. Katika jaribio langu shangazi aliingia na maandazi, akifuatwa na mtoto wa jirani mwenye simu isiyochaji: “Shikamoo fundi, baba kasema uiangalie.”

Ada ni dola 100, na ukifeli unasubiri siku 14 kisha unalipa upya. Kama kwenu watu hupiga hodi wakishaingia, kafanyie kituoni.